Mpira Haujui Kijivu

Wateja wengi wa mihuri siku hizi hawaji na karatasi mkononi. Wanatuma picha kwa simu, na mara nyingi picha yenyewe imeshapitishwa kwenye programu inayofuta mandharinyuma kwa kugusa kioo mara moja. Nembo inaelea peke yake, haina karatasi nyuma yake, haina kivuli cha mkono wala kona ya meza. Mwenye nayo anaamini kazi ngumu imekwisha, kilichobaki ni kuchoma mpira tu. Imani hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye miaka niliyoandaa michoro ya mihuri, kwa sababu karibu kila aina ya kazi iliyopita mezani miaka ile inasema kinyume. Kufuta nyeupe ni hatua ya mwisho na ndiyo nyepesi kuliko zote. Kazi yenyewe ni ile inayoitangulia, yaani kuigawa picha nzima kati ya nyeusi na nyeupe bila kubakiza chochote katikati. Anayefuta kabla ya kugawa hajui anafuta nini, na mpira ndio utakaomsuta.

Sababu iko kwenye muhuri wenyewe. Sehemu iliyoinuka inashika wino na kuufikisha kwenye karatasi. Sehemu iliyochimbwa haigusi kitu. Hakuna hali ya tatu. Njia za kuutengeneza ni kadhaa, lakini zote zinaishia hapo. Mashine ya leza huunguza mpira pale pasipotakiwa wino na kuziacha herufi zimesimama. Njia ya polima hutumia filamu: mwanga wa urujuanimno hupenya sehemu za filamu zilizo wazi na kuugandisha utomvu ulio chini yake, kisha utomvu ambao haukupata mwanga huoshwa ukaondoka. Muhuri wa flashi, ule unaobeba wino wake ndani usihitaji pedi, una sponji yenye vitundu vidogo sana. Mwanga mkali wa ghafla huviziba vitundu popote unapofika, na weusi wa filamu huvilinda vile vinavyotakiwa kupitisha wino. Sasa ipe yoyote kati ya njia hizo mchoro wenye kijivu. Printa inayotoa filamu haina wino wa kijivu, hivyo hutawanya nukta nyeusi ndogo ndogo. Mwanga unapenya katikati yake, na vitundu vya sponji vinazibika nusu nusu. Leza nayo, ikitafsiri kijivu kwa nukta, huacha vijiti vya mpira vyembamba kama unywele ambavyo hulala au kukatika vikigongwa mara chache. Kijivu kitaondoka tu. Asipokiondoa mwandaaji kwa macho yake, kitaondolewa na mashine isiyojua nembo ile ni ya nini.

Kazi nyingi za mwanzo zilikuwa nembo zilizoskaniwa kutoka vichwa vya barua, na hizo ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi kwa nini mpangilio wa hatua una uzito. Kwa jicho, herufi iliyochapwa ni nyeusi na karatasi ni nyeupe. Ukiikuza hadi pikseli zionekane moja moja, ukingo wa herufi ni ngazi. Tuseme thamani zake, tukihesabu kutoka 0 ya weusi kamili hadi 255 ya weupe kamili, zinakwenda 20, 35, 90, 160, 215, 248. Ngazi hiyo hutokana na skana kuchanganya wino na karatasi ndani ya pikseli moja, na faili la JPEG huongeza vumbi lake kwa kuwa linabana picha kwa kupoteza baadhi ya taarifa. Mtu anayeanza kwa kufuta nyeupe ataondoa pikseli ya 248 na jirani zake, lakini ile ya 215 na ile ya 160 zitabaki zikiizunguka herufi kama ukungu. Kwenye kioo cheupe ukungu huo hauonekani. Weka tabaka jekundu chini ya mchoro, utauona mara moja: kila herufi imevaa utepe uliopauka. Akiongeza ulegevu wa chaguo ili utepe nao uondoke, anaanza kula mistari myembamba ya nembo, kwa sababu mstari mwembamba hauna moyo mweusi. Wote ni ngazi.

Ukigawa kwanza, tatizo hilo halizaliwi. Kazi hii programu nyingi huiita Threshold: unachagua namba moja ya mpaka, kila pikseli iliyo chini yake inakuwa nyeusi tii, na kila iliyo juu yake inakuwa nyeupe pe. Kwa mpaka wa 128, ngazi ile inagawanyika sawasawa katikati: 20, 35 na 90 zinakwenda kwenye weusi, 160, 215 na 248 zinakwenda kwenye weupe. Baada ya hapo kufuta nyeupe hakuhitaji ulegevu wowote, kwa kuwa nyeupe ni moja tu. Katika GIMP njia ni Colors, kisha Threshold. Halafu Layer, Transparency, Add Alpha Channel, ili tabaka liwe na uwezo wa kuwa wazi. Halafu chombo cha Select by Color kikiwa na Threshold ya 0, na Antialiasing pamoja na Feather edges zikiwa zimezimwa. Bofya nyeupe, bonyeza Delete. Anayeruka Add Alpha Channel atashangaa kuona nyeupe haitoki, maana tabaka lisilo na njia ya uwazi hujazwa rangi ya nyuma badala ya kutobolewa. Kwa anayependa kuandika amri, ImageMagick hufanya yote kwa mstari mmoja, na mstari wa pili ni wa ukaguzi:

```
magick nembo.png -colorspace Gray -threshold 50% -transparent white muhuri.png
magick identify -format "%k" muhuri.png
```

Amri ya pili huhesabu rangi zilizomo kwenye faili. Jibu linalotakiwa ni 2, yaani nyeusi na uwazi. Likija 40 au 200, kuna kijivu kimejificha mahali, hata kama jicho halikioni. Na faili libaki PNG hadi mwisho. JPEG haina uwazi kabisa: ukilihifadhi humo, sehemu zilizofutwa zitajazwa rangi tena, na ule mbano utazirudisha ngazi ulizokwisha kuziondoa.

Kitu kingine kilichojionyesha katika kazi hizo za mwanzo ni kwamba ukubwa huamuliwa kabla ya mpaka. Picha iliyokwisha kugawanywa ikipunguzwa ukubwa, programu hukadiria wastani wa pikseli jirani, na wastani wa nyeusi na nyeupe ni kijivu. Kazi inaanza upya. Kwa hiyo unapima kwanza nafasi ambayo mchoro utakaa. Muhuri wa duara wenye kipenyo cha milimita 40, ukishatoa nafasi ya maandishi yanayozunguka ukingoni, unaweza kubakiza upana wa milimita 18 katikati. Kwa nukta 600 kwa inchi, milimita 18 ni pikseli 425, na pikseli moja ni sawa na milimita 0.042. Hesabu hiyo ndogo inasema mengi. Mstari mwembamba ambao mpira unaweza kuubeba bila wasiwasi ni wa karibu robo milimita, yaani pikseli 6. Nafasi nyeupe kati ya mistari miwili nayo isiwe chini ya hapo, maana wino hutanuka kidogo ukifika kwenye karatasi na matundu ya herufi ndogo ndiyo ya kwanza kuzibika. Kwa sababu hiyo mpaka mzuri kwa muhuri mara nyingi ni ule unaoufanya mchoro uonekane mwembamba kidogo kwenye kioo kuliko ambavyo macho yangependa. Wino utakuja kuongeza unene wenyewe.

Simu zilipochukua nafasi ya skana, tatizo likahamia kwenye mwanga. Skana humulika karatasi yote sawasawa. Simu hupiga picha chini ya taa moja ya dari, na mwenye simu anasimama katikati ya taa na karatasi. Karatasi ile ile nyeupe inaweza kuwa 210 upande wa dirishani na 110 kwenye kona iliyofunikwa na kivuli, wakati wino upande wa dirishani ni 90. Hapo hakuna namba moja inayotosha. Mpaka wa 128 utaigeuza kona yote kuwa doa jeusi. Mpaka wa 100 utaisafisha kona, lakini upande wenye mwanga herufi zitakonda na nyingine kukatika. Anayeona doa hilo huenda akadhani kosa ni la mpaka, akaendelea kuusukuma huku na huku. Mpaka hauna kosa. Unalinganisha mwanga, na mwanga wa kona moja si sawa na wa kona nyingine. Dawa ni kusawazisha kabla ya kugawa: unachukua nakala ya picha, unaififisha mpaka herufi zipotee na ubaki mwendo wa mwanga peke yake, kisha unaigawanya picha ya asili kwa nakala hiyo. Karatasi inakaribia nyeupe kila mahali, na wino unabaki kuwa giza.

```
magick picha.jpg -colorspace Gray \( +clone -blur 0x40 \) \
  -compose Divide_Src -composite -threshold 80% umbo.png
```

Namba 40 kwenye ufifishaji si ya kushika kwa moyo. Inatakiwa iwe kubwa mara nyingi kuliko unene wa mistari ya mchoro. Ikiwa ndogo, weusi mpana utajilinganisha na weusi wenzake, na ngao iliyojaa rangi itatoka ikiwa na ukingo mweusi na tumbo jeupe. Ukiona maumbo yaliyojaa yamegeuka kuwa makopo matupu, hiyo ndiyo sababu.

Baada ya nembo zikaja picha halisi, na hapo ndipo hoja hii inapopimwa kwa uzito. Chukua picha ya jahazi iliyopigwa mchana kweupe baharini, inayotakiwa ikae katikati ya muhuri ule wa duara. Macho yanaona vitu vitatu vilivyo wazi: mwili wa chombo wa mbao, tanga lililojaa upepo, na anga la buluu. Zigeuze rangi hizo kuwa mwanga mtupu. Mbao ya hudhurungi inakuwa kama 60, anga linakuwa kama 150, tanga linakuwa kama 215. Weka mpaka 128: mwili unabaki mweusi, lakini tanga na anga vyote vinakuwa vyeupe, na jahazi linakuwa mtumbwi wenye mlingoti. Weka mpaka 180: tanga linajitokeza jeupe kwenye anga jeusi, ila sasa mwili umemezwa na anga, maana vyote viko chini ya 180. Hakuna namba kati ya 0 na 255 itakayovitenganisha vitu vitatu kwa rangi mbili. Ndiyo maana nasema kugawa ni uamuzi. Picha haikuulizi iwe na mwanga kiasi gani. Inakuuliza ni kipi kati ya vitu vyake kitakuwa wino, na jibu halimo kwenye picha.

Uamuzi unaofaa hapa ni mwili ujae wino, tanga liwe mstari wa ukingo tu, na anga lisiwepo. Anga jeusi lingelitenga tanga vizuri kwenye kioo, lakini kwenye mpira lingekuwa uwanja mpana uliojaa wino, na uwanja kama huo hauchapi sawasawa: ukingo unakolea kwa sababu ndiko mgandamizo unakokuwa mkali, katikati panaacha mabaka. Basi picha inagawanywa mara mbili, kila mara kwa swali tofauti. Mgawanyo wa kwanza ni wa mwili, kwa mpaka wa karibu asilimia 40, ulioko kati ya 60 na 150. Mgawanyo wa pili ni wa tanga, na huu haufanywi kwenye kijivu cha kawaida. Anga la buluu lina nyekundu kidogo sana, ilhali tanga la rangi ya maziwa lina nyekundu nyingi. Ukitazama mkondo wa nyekundu peke yake, anga linashuka hadi kama 110 na tanga linapanda hadi 225. Pengo lililokuwa 65 linakuwa 115, na mpaka unapata nafasi ya kutosha katikati. Kisha ukingo wa umbo la tanga unachorwa kwa pikseli 9, ambazo ni karibu milimita 0.4, na vipande viwili vinaunganishwa.

```
magick jahazi.jpg -resize 425x -colorspace Gray -threshold 40% mwili.png
magick jahazi.jpg -resize 425x -channel R -separate -threshold 65% tanga.png
magick tanga.png -morphology EdgeIn Disk:9 -negate ukingo.png
magick mwili.png ukingo.png -compose Darken -composite \
  -transparent white -units PixelsPerInch -density 600 muhuri.png
```

Kati ya mstari wa pili na wa tatu kuna kazi ya mkono isiyoandikika kwa amri. Wingu na povu la mawimbi navyo ni vyeupe kwenye mkondo wa nyekundu, kwa hiyo vitafuatana na tanga, na lazima vipakwe weusi kwa brashi kabla ya ukingo kuchorwa. Kamba nazo zinataka uamuzi. Kwenye picha ya asili, ambamo jahazi lina upana wa pikseli 2,000, kamba ya kushikia tanga inaweza kuwa na unene wa pikseli 8 na kuonekana dhahiri. Ikishuka hadi upana wa 425 inabaki na pikseli chini ya 2, yaani milimita 0.07. Mgawanyo utaitoa ikiwa vipande vipande, na hata ikitoka nzima mpira hautaisimamisha. Ama uichore upya kwa pikseli 6, ama uiondoe. Foromali, ambayo ni mti mnene na wa giza, itabaki yenyewe na itatosha kumwambia mtu kwamba hiki ni chombo cha tanga.

Jahazi hilo linafundisha pia kwamba nyeupe ziko za namna mbili, jambo ambalo aliyezoea kufuta mandharinyuma kwa kugusa kioo halimjii. Nyeupe ya anga ni utupu: chochote kilicho nyuma yake kionekane. Nyeupe ya ndani ya tanga inategemea. Kama muhuri una jahazi peke yake katikati, tanga nalo ni utupu na amri iliyo hapo juu inafanya sawa kuitoboa nyeupe yote. Lakini kama mbunifu ameweka mistari ya mawimbi au miale ya jua nyuma ya jahazi, tanga lililotobolewa litaipitisha miale hiyo katikati ya kitambaa, na macho yatachanganyikiwa yasijue kipi kiko mbele. Hapo nyeupe ya tanga inatakiwa ibaki ikiwa rangi kamili inayoziba, na kinachofutwa ni nyeupe ya nje peke yake. Katika GIMP tofauti ni ya chombo tu: Select by Color huchagua nyeupe yote ilipo, ilhali Fuzzy Select huchagua ile iliyoshikana na mahali ulipobofya. Muhuri wote ukishapangwa na kuunganishwa kuwa tabaka moja, tofauti hiyo inakufa, kwa kuwa mwishowe kila nyeupe ni mpira uliochimbwa. Uwazi ni msaada wa wakati wa kupanga: unawezesha picha ikae juu ya duara na maandishi bila sanduku jeupe kuyaziba. Mpira wenyewe haujui kama sehemu fulani ilikuwa wazi au nyeupe.

Kuna pingamizi la haki linalotokana na picha za nyuso. Mtu anataka muhuri wenye sura, analeta picha ya pasipoti yenye ukuta mweupe nyuma. Programu nyingi zina njia ya kujitafutia mpaka, na iliyo mashuhuri ni ile ya Nobuyuki Otsu wa Japani, aliyoichapisha mwaka 1979: hutafuta namba inayozigawa pikseli katika makundi mawili yaliyo mbalimbali kadiri inavyowezekana. Katika picha ya pasipoti makundi makubwa mawili ni ukuta na mtu. Njia ya Otsu itayatenganisha barabara, na matokeo yake ni kivuli cheusi cha kichwa kisicho na macho wala pua. Kwa ngozi nyeusi jambo hili ni la kawaida hata bila Otsu, maana uso wote unaweza kuwa kati ya 50 na 110, na mpaka wa katikati wa 128 unauzamisha wote. Basi, mwenye pingamizi husema, hapa ni lazima ukuta ufutwe kwanza, na ile kanuni ya kugawa kabla ya kufuta imevunjika. Lakini kilicholazimika ni kuutoa ukuta kwenye hesabu tu. Kata kisanduku kinachouzunguka uso peke yake, tafuta mpaka ndani ya kisanduku hicho, utaupata pengine kwenye 80 au 85, pale ambapo paji la uso, shavu lenye mwanga na mgongo wa pua vinajitokeza vyeupe, na macho, nyusi na kivuli cha kidevu vinabaki vyeusi. Mpaka huo ndio unautumia kwa picha nzima. Ukuta utakuwa mweupe wenyewe, na utafutwa zamu yake ikifika. Kipimo kilihama kutoka picha nzima hadi mahali penye jambo. Mpangilio wa hatua haukubadilika.

Pingamizi la pili ni la wabunifu wa kazi za kioo, nao wana sababu zao. Mchoro uliogawanywa una kingo zenye meno, husema, ilhali amri ya Color to Alpha katika GIMP huigeuza ile ngazi ya kijivu kuwa ngazi ya uwazi, na herufi inakaa laini juu ya rangi yoyote. Kwa tovuti au bango la simu wanasema kweli. Kwa mpira, uwazi wa nusu ni kijivu kilichovaa nguo nyingine: ukiuweka juu ya karatasi nyeupe unarudi kuwa kijivu, na filamu au leza italazimika kuugawa upya. Meno nayo yasiwatishe. Jino la pikseli moja kwa nukta 600 ni milimita 0.042, na utanuko wa wino pekee unalifunika. Wanaoona meno kwenye muhuri uliochapwa kwa kawaida walianza na faili dogo, labda picha ya pikseli 150 iliyovutwa hadi milimita 18, ambapo kila jino lina zaidi ya milimita 0.1. Picha ndogo kama hiyo ikuzwe ikiwa bado na kijivu chake, kisha igawanywe. Ngazi ya kijivu ndiyo inayobeba habari ya mahali ukingo unapopita, na ukikuza kabla ya kuitupa, mpaka utapita katikati yake kwa ulaini.

Wengine huona dawa ni kuchora picha upya kwa njia ya mistari ya kihesabu, na Inkscape inayo amri yake, Trace Bitmap. Matokeo ni mazuri: maumbo meusi matupu, hakuna nyeupe ya kufuta kwa kuwa haikuwahi kuwekwa, na yanakuzwa bila kupata meno. Lakini tazama kisanduku cha kwanza cha amri hiyo. Kinaitwa Brightness cutoff, na kinaanza kikiwa 0.450. Hiyo ni namba ya mpaka. Ukiiacha hivyo kwenye picha ya jahazi utapata mtumbwi wenye mlingoti, umechorwa kwa mistari laini. Njia hiyo inafaa sana baada ya uamuzi. Haiwezi kuuchukua badala yako.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba magazeti yalichapa picha kwa wino mmoja mweusi kwa kutumia nukta, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga. Hoja hiyo nayo inategemea kipimo. Nukta ndogo kuliko robo milimita haitasimama kwenye mpira, na nafasi iliyo ndogo kuliko hapo itazibwa na wino. Ukizipanga nukta kwa hatua ya milimita moja ili zipate nafasi ya kukua na kupungua, upana wa milimita 18 unabeba nukta 18 tu kwa mstari. Uso wa nukta 18 kwa 18 hautambuliki. Kwenye muhuri mkubwa wa kupamba magunia au mifuko ya karatasi njia hiyo ina nafasi yake. Kwenye muhuri wa ofisi haina.

Liko jambo moja ambalo wepesi wa kazi hii umelifungulia mlango. Hatua zile zile zinazosafisha nembo huweza kusafisha muhuri wa mtu mwingine uliopigwa picha kwenye barua. Mgawanyo unafuta kila kilichokuwa ushahidi wa mkono na karatasi: wino uliokolea upande mmoja, nyuzi za karatasi. Uchaguzi wa mkondo unaweza hata kuitenga saini ya buluu na muhuri mwekundu, kwa kuwa kwenye mkondo wa nyekundu wino mwekundu unakaribia kutoweka na wa buluu unabaki giza, na kwenye mkondo wa buluu mambo yanageuka. Fundi anayejua hayo anatambua pia ombi lenye harufu: picha ya muhuri uliokwisha gongwa, ikiwa imepinda na kukatizwa na maandishi, na maelezo kwamba faili la asili limepotea. Mwenye nembo halali ana barua ya kuagiza muhuri, na ana namna ya kupata mchoro usio na saini ya mtu juu yake.

Kwa hiyo anayeleta picha iliyokwisha kufutwa mandharinyuma huulizwa ile ya asili, kwa sababu ufutaji wa haraka umeshaamua mambo ambayo mpira ungetaka yaamuliwe vingine, na kilichofutwa hakirudi. Kutoka hapo kazi ni ya mfuatano mmoja: sawazisha mwanga, weka ukubwa wa mwisho, amua kipi kitakuwa wino, gawa, toa nyeupe, hesabu rangi ziwe mbili. Chapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, uutazame kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kugeuza kushoto kuwa kulia kuachwe hadi mwisho na kufanyike mahali pamoja tu, maana programu nyingi za leza hugeuza zenyewe, na mchoro uliogeuzwa mara mbili hutoa muhuri unaosomeka vizuri ukiwa mpira na kusomeka kinyume ukiwa karatasi. Na kama kwenye chapa ile ya milimita 18 aliyeagiza hatambui kilichochorwa, hakuna mpaka utakaomsaidia. Picha hiyo inahitaji mchoraji, achore jahazi kwa mistari saba au minane, na mistari yote iwe minene kuliko robo milimita.